Makala nzuri iliyozikwa ukurasa wa 31

Makala ya ubwiriunga ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko nyingine zote kwenye ile tovuti ya kilimo. Ilikuwa na picha za maua ya mkorosho yaliyopakwa unga mweupe, ilieleza kwa nini ugonjwa unapenda machipukizi na maua machanga, na ilitaja muda wa kuanza kupuliza salfa bila kuzunguka. Mwandishi wake ni bwana shamba mstaafu anayeishi Mtwara mjini, mzee aliyetembea Tandahimba na Newala mpaka njia zikamjua. Lakini ukiingia mwanzo wa tovuti na kutaka kuifikia kwa kubofya, ilikubidi upite ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, hadi wa 31. Hakuna mkulima wa Nanyamba mwenye bando la siku moja atakayefanya hivyo. Google naye, kwa namna yake, hafanyi.

Mzee alinipigia akiwa na lawama. "Kijana, naandika kila wiki, watu hawaji. Wanasoma ya jana tu."

"Shikamoo mzee. Ya jana ndiyo pekee wanayoiona," nikamwambia.

Nimetengeneza tovuti nyingi huku kusini, za maduka, za vyama vya ushirika, za watu binafsi, na tatizo hili nalikuta karibu kila inapopita makala mia mbili. Tovuti ndogo haihitaji mpangilio, kila kitu kinaonekana. Ikikua, inajipanga yenyewe kwa tarehe, na tarehe ni mpangilio mbaya kwa mambo yasiyozeeka. Ubwiriunga wa 2017 ndio ubwiriunga wa mwaka huu.

Tovuti ya mzee ilikuwa na makala 430. Mwanzo ulionyesha kumi za karibuni, chini yake kitufe cha makala za zamani. Kumi kwa kila ukurasa maana yake kurasa 43, na makala ya kwanza kabisa iko mibofyo 43 kutoka mlangoni. Kategoria zilikuwepo: Korosho makala 300, Ufuta 50, Mbaazi 30, Habari 50. Mzee alidhani hapo kuna mpangilio. Lakini ukibofya Korosho ulipata orodha ileile ya tarehe, kumi kumi, kurasa 30. Jina limebadilika, foleni ni ileile.

Watu wengi huchanganya ngazi za tovuti na anuani. Wanadhani wakiandika `/kilimo/korosho/magonjwa/ubwiriunga/` basi makala imepangwa. Mikwaju haipangi kitu. Linki ndizo zinazopanga. Ukurasa wenye anuani fupi ambao haujaunganishwa na chochote uko mbali sana, na wenye anuani ndefu uliowekwa linki kwenye ukurasa wa mwanzo uko jirani kabisa. Ukitaka kujua ngazi halisi za tovuti yako, sahau anuani na menyu, hesabu mibofyo kutoka mwanzo.

Roboti wa Google anaingia tovuti kwa kufuata linki, na idadi ya linki zinazoelekea ukurasa, pamoja na uzito wa kurasa zinakotoka, humwonyesha ukurasa upi mwenye tovuti anauona wa maana. Wazo hilo ni la tangu 1998, Larry Page na Sergey Brin walipochapisha hesabu yao ya PageRank: kila ukurasa una uzito, na uzito huo unagawanywa kwa linki zinazotoka humo. Siku hizi Google anaangalia mambo mengine mengi, ila mgawanyo huo bado ni njia nzuri ya kufikiri. Ukurasa wa mwanzo ndio kwa kawaida wenye uzito mwingi, kwa sababu tovuti za nje huunganisha hapo. Kinachofika mibofyo 31 ndani, baada ya kugawanywa na kugawanywa tena, ni makombo.

Kabla ya kupanga chochote niliangalia kitufe cha "Pakia zaidi". Fundi mmoja alikuwa amebadilisha muonekano wa tovuti mwaka uliotangulia, na muonekano mpya ukaondoa namba za kurasa, ukaweka kitufe hicho. Kwa macho kinapendeza. Ukikigusa, makala kumi nyingine zinashuka chini bila ukurasa kufunguka upya. Tatizo ni kwamba roboti wa Google habonyezi vitufe. Anafuata linki yenye `href`, basi. Tofauti yenyewe ni hii:

```
<button onclick="pakiaZaidi()">Pakia zaidi</button>
<a href="/korosho/page/2/">Makala za zamani</a>
```

Mstari wa kwanza kwake ni ukuta, wa pili ni mlango. Kama una simu tu, kuna kipimo cha haraka: kandamiza kitufe kwa muda bila kuachia. Kivinjari kikikupa chaguo la kufungua kwenye kichupo kipya, hiyo ni linki. Kisipokupa, kuna uwezekano mkubwa kwamba si linki. Kwa hiyo hata ile foleni ya mibofyo 43 ilikuwa imekatika. Makala karibu mia nne zilibaki zikijulikana kwa Google hasa kupitia ramani ya tovuti, ile faili ya `sitemap.xml`.

Mtu atauliza, ramani si inatosha? Ramani inasema ukurasa upo. Haisemi ukurasa una maana, wala unahusu nini ukilinganisha na wenzake. Ukiwa kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, bandika anuani ya makala kwenye kisanduku cha juu uone sehemu ya ugunduzi. Ukikuta ramani imetajwa lakini kwenye `Referring page` pameandikwa `None detected`, una sababu ya kushuku kwamba huo ni ukurasa yatima, hakuna ukurasa mwingine unaouelekea. Makala ya ubwiriunga ilikuwa hivyo. Na kurasa za namna hiyo ndizo nilizozikuta nyingi kwenye kundi la `Discovered - currently not indexed`: Google kazisikia, hajaona sababu ya kuzifuata.

Kutafuta yatima wote kwa mara moja si kazi ngumu. Unahitaji orodha mbili. Ya kwanza ni anuani zote zilizo kwenye ramani. Ya pili ni anuani zinazofikika kwa kufuata linki kuanzia mwanzo, na hiyo unaipata kwa programu kama Screaming Frog, ambayo bila kulipia inatembea anuani 500. Kwa mzee 500 hazikutosha, kwa sababu alikuwa na tagi zaidi ya 600, na kila tagi ni ukurasa wake. Tagi ya "Korosho", tagi ya "korosho mtwara", tagi ya "zao la korosho", nyingi zikiwa na makala moja tu ndani. Niliiambia programu iziruke tagi, kisha nikalinganisha:

```
sort -u ramani.txt > a.txt
sort -u zinazofikika.txt > b.txt
comm -23 a.txt b.txt
```

Kinachotoka ni anuani zilizo kwenye ramani lakini hazifikiki kwa linki. Angalia kwanza kwamba orodha zote mbili zimeandika anuani kwa namna moja: `https` na `https`, zenye `www` au zisizo nayo, zenye mkwaju mwishoni au zisizo nao. Vinginevyo utaambiwa tovuti nzima ni yatima, nawe uanze kulia bure.

Kurudisha namba za kurasa kulifungua njia, lakini hakukupunguza umbali. Kazi yenyewe ilikuwa Korosho, makala 300 kwenye chungu kimoja. Nilikaa na mzee kibarazani kwake, tukazigawa si kwa tarehe bali kwa swali ambalo mkulima anakuja nalo: kitalu na upandaji 40, magonjwa na wadudu 70, salfa na viuatilifu 45, mavuno na ubora 35, minada na bei 110. Mzee alitaka kuongeza mafungu mengine sita. Nilikataa. Fungu lenye makala nne si fungu, ni orodha ndani ya ukurasa wa fungu kubwa.

Kila fungu likapata ukurasa wake wa kudumu, ulioandikwa na mtu. Hapa ndipo wengi wanapokwepa kazi, wanaacha mfumo ujaze orodha wenyewe. Ukurasa wa magonjwa tuliupanga kwa kile mkulima anachokiona shambani. Maua yana unga mweupe: hapo linki ya ubwiriunga. Machipukizi yana vidonda vyeusi na yanakauka kuanzia ncha: linki ya mbu wa mikorosho. Majani yana madoa: maelezo mafupi ya kutofautisha blaiti na chule, na linki mbili. Mkulima hajui jina la ugonjwa anapoanza kutafuta. Anajua maua yameharibika. Mzee alilijua hilo miaka mingi kabla yangu, ila tovuti yake ilikuwa imepangwa kama faili za ofisini.

Makala 70 hazikuwekwa zote kwenye ukurasa huo. Tulichagua 12 kuwa makala kuu, na zilizobaki zikaunganishwa kila moja na kuu yake. Makala ya aina za salfa za kutumia dhidi ya ubwiriunga, kwa mfano, inafikiwa kutoka makala kuu ya ubwiriunga. Sasa njia ni mwanzo, korosho, magonjwa, ubwiriunga, halafu makala ndogo: mibofyo minne kwa iliyo ndani kabisa. Na kila makala ndogo inarudisha linki juu kwa kuu yake, ndani ya aya za kwanza, si kule chini penye matangazo. Juu ya kichwa cha habari tukaweka mstari mdogo, Mwanzo > Korosho > Magonjwa, kila neno linabofyeka. Mtu anayetoka WhatsApp anatua katikati ya tovuti, si mlangoni, na mstari huo ndio unaomwambia yuko chumba gani.

Maneno ya linki nayo yalihitaji kurekebishwa. Nilihesabu makala moja yenye "bofya hapa" mara nne, kila moja ikienda kwingine. "Bofya hapa" haimwambii msomaji wala Google kitu. "Dalili za ubwiriunga kwenye maua" inasema yote. Usikariri tu maneno yaleyale kila mahali. Sentensi ikikuongoza kuandika "unga mweupe kwenye mikorosho" andika hivyo, ndivyo watu wanavyotafuta pia.

Fungu lililotupa kazi kubwa ni minada na bei. Korosho huku huuzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza 2007, na msimu ukifunguka kuanzia Oktoba minada ya vyama vikuu vya ushirika inafuatana, TANECU, MAMCU, Lindi Mwambao, RUNALI. Baada ya kila mnada mzee aliandika makala mpya: "Bei ya korosho mnada wa leo". Zilikuwa 110, vichwa vimefanana kama mapacha, nyingine zina mistari mitatu. Mtu akitafuta bei ya korosho, Google ana kurasa 110 za tovuti hiyohiyo zinazodai kujibu swali moja, na linki zote zimetawanyika humo, hakuna hata moja iliyobeba uzito. Mara nyingi iliyojitokeza ilikuwa ya msimu wa zamani. Mkulima anafungua, anakuta bei ya miaka mitatu nyuma, anaondoka akisema tovuti ni ya uongo.

Dawa yake ni ukurasa mmoja usiohama: `/bei-ya-korosho/`. Juu kabisa jedwali la minada ya karibuni, na tarehe ya kusahihishwa imeandikwa waziwazi. Chini yake misimu iliyopita, kila msimu ukurasa mmoja, kwa mfano `/bei-ya-korosho/msimu-2023-2024/`. Makala ya mnada yenye maelezo ya maana, kwa mfano wakulima walikataa bei na kwa nini, ilibaki, na aya yake ya kwanza ikapewa linki ya kwenda ukurasa wa bei. Zile za mistari mitatu tulihamisha namba zake kwenye jedwali la msimu wake, kisha anuani ya zamani ikaelekezwa kwa 301, yaani uelekezo wa kudumu, kwenye msimu huohuo. Si kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukielekeza kurasa kumi na kumi mwanzo, Google huzichukulia kama zilizopotea tu, na msomaji aliyekuja na linki ya zamani anatupwa sebuleni bila maelezo.

Baada ya kuelekeza, rudi ukabadilishe linki za ndani zielekee moja kwa moja anuani mpya. Kuacha linki yako mwenyewe izunguke kwenye anuani ya zamani ni uvivu tu.

Mzee alihofia kupunguza idadi ya makala. "Si nitaonekana nimefanya kazi kidogo?" Nilimwonyesha kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwa na msomaji hata mmoja mwezi mzima. Akanyamaza, akaomba tu tubakize ya mnada mmoja aliouhudhuria mwenyewe. Tukaibakiza.

Ukurasa wa mwanzo una nafasi chache zenye uzito, na huku kusini misimu inakuamulia nani akae hapo. Kuanzia Juni mikorosho ikielekea kutoa maua, mwanzo unaunganisha moja kwa moja ukurasa wa magonjwa na makala kuu ya ubwiriunga. Ikifika Oktoba nafasi hiyo inachukuliwa na bei. Anuani hazibadiliki, linki za mwanzo tu ndizo zinazozunguka, na kila mwaka ukurasa uleule unazidi kupata nguvu badala ya kuanza upya. Usingoje Juni yenyewe lakini. Roboti anaweza kuchukua wiki kadhaa kuipita tovuti ndogo yote na kuona mabadiliko, kwa hiyo mimi nabadilisha mwezi mmoja kabla.

Menyu niliikata. Ilikuwa na vitu zaidi ya 80 vinavyoshuka kama pazia, na kwenye simu ilifunika kioo chote. Ukiunganisha kila kitu kutoka kila ukurasa, umeondoa ngazi: kila ukurasa unagawana uzito sawa na mwingine, ukurasa wa mawasiliano unalingana na ubwiriunga. Sasa ina sita.

Duka la pembejeo la Lindi ninalolisaidia lina shida ya kinyume, si kurasa zisizofikika bali kurasa zisizoisha. Bidhaa ni kama 300, lakini kwenye mabomba ya kupulizia kuna vichujio: chapa 6, ukubwa 5, viwango vya bei 4. Zidisha upate michanganyiko 120, na ukiruhusu kupanga kwa njia 3 inakuwa anuani 360 kutoka rafu moja, nyingi zikionyesha bomba moja au rafu tupu. Roboti anashinda humo. Tulichagua michanganyiko ambayo watu huitafuta kweli, kama mabomba ya mgongoni ya lita 16, tukaipa kurasa halisi zenye maelezo na linki kutoka rafu mama. Vichujio vingine vikafungiwa kwenye `robots.txt`, faili inayomwambia roboti asipite wapi. Bidhaa iliyoisha haifutwi. Ukurasa wake unabaki na linki ya kwenda inayofanana nayo.

Kazi inayobaki ni ya kila wiki, na ndiyo watu huiacha. Mwandishi akitoa makala mpya huweka ndani linki za makala za zamani. Ni vizuri, ila hiyo inazisaidia za zamani. Mpya yenyewe haina inayoielekea, na ikishashuka kutoka kumi za mwanzo inaanza safari ya ukurasa wa 31. Kwa hiyo kila mzee akichapisha, kabla hajazima kompyuta, anaandika Google `site:` ikifuatiwa na anuani ya tovuti yake na neno la makala mpya, tuseme salfa. Zinakuja makala zake za zamani zilizotaja salfa. Anachagua tatu zinazosomwa, anafungua sentensi iliyotaja jambo hilo, anaweka linki hapo. Kama sentensi haipo, haweki. Linki iliyolazimishwa mwisho wa aya chini ya "Soma pia" hubofywa kidogo kuliko iliyo pale msomaji anapojiuliza swali.

Kile kisanduku cha makala zinazohusiana usikitegemee bila kukikagua. Cha mzee kilikuwa kinaonyesha za karibuni tu, hivyo msomaji wa blaiti alipendekezewa habari za mbaazi.

Kuona kama mambo yanakwenda, fungua sehemu ya `Links` kwenye Search Console, upande wa linki za ndani. Inaonyesha kurasa zako zinazoelekewa na linki nyingi. Mwanzo na kurasa za menyu kuwa juu ni kawaida. Chini yake zinapaswa kufuata makala kuu. Mwanzoni kwa mzee iliyofuata ilikuwa tagi ya "habari mpya", kisha tagi nyingine, na makala ya ubwiriunga haikuwemo kabisa. Tulifuta tagi zenye makala moja, na kwa zilizobaki tukaziacha zisomeke na watu lakini zisiingie Google.

Linki zina mpaka wake. Makala za ufuta, ambazo mzee aliziandika harakaharaka kutoka vipeperushi, tuliziunganisha kwa ustadi uleule, zikawa mibofyo mitatu kutoka mwanzo, Google akazisoma, kisha akaziweka kwenye `Crawled - currently not indexed`. Hilo ni kundi tofauti na lile la mwanzo: safari hii kafika, kaona, kaacha. Hapo hakuna linki ya kuongeza. Mzee anaziandika upya, moja baada ya nyingine, akianza na ya kuvuna na kukausha.